Mbio za Festus Kabla ya Kipimo

Kaka yangu Festus alipokubali kunipa figo yake moja, nilimgombeza kwanza, kisha nikalia. Ndivyo nilivyo. Wanafunzi wangu wa darasa la sita pale Voi wanajua kwamba Mwalimu Teresia akianza kwa ukali, huruma iko nyuma inakuja.

Figo zangu zilikuwa zimechoka mwaka wa pili sasa. Kila Jumanne na kila Ijumaa nililala kwenye kiti cha hospitali saa nne nzima, damu ikitoka mkononi mwangu, ikipita kwenye mashine kusafishwa, ikirudi. Nilizoea sindano. Kiu sikuizoea. Mtu wa Voi kuambiwa ahesabu vikombe vya maji kwa siku, na jua lile, ni mateso ambayo simtakii hata adui.

Festus analima kabeji na nyasi za ng'ombe huko Wusi, juu milimani. Ana mke, Tryphena, na watoto wanne. Tulipoachwa na mama, mimi nikiwa na miaka minane, yeye ndiye aliyenifulia sare na kunisuka nywele, vibaya sana, nikachekwa shule nzima. Alikuwa ameshanitolea ya kutosha. Sikutaka anitolee na nyama ya mwilini mwake.

"Kwani ziko mbili za nini?" aliniambia. "Moja ilikuwa yako tangu zamani, nilikuwa nakuwekea tu."

Damu zetu zilikuwa za kundi moja. Daktari Donald, daktari wa figo, akasema kabla hatujatumwa Mombasa kwa vipimo vikubwa, Festus apimwe hapa Voi vile vya mwanzo: sukari bila kula, damu, mkojo, na namna figo zenyewe zinavyofanya kazi. Akamuuliza kama anavuta sigara. Festus alikuwa ameacha miezi minne, tena kwa ajili yangu, na alinyoosha mkono kama anaapa kanisani. Nilimwamini, kwa sababu Tryphena naye alinihakikishia kwamba makoti yake sasa yananuka jasho tu.

Jumapili jioni akashuka kutoka Wusi akalala kwangu Mwakingali. Nilimpikia chakula mapema, nikamkumbusha maagizo yote ya maabara: asile chochote tena, asinywe chai, maji matupu ruhusa. Aliniitikia kila neno. Asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo. Nikadhani amewahi foleni.

Nilimkuta maabara akiwa ameshatolewa damu, pamba mkononi, shati limeloa mgongoni. Hakukuwa na foleni, alisema. Alifika tu na kuitwa. Nikakaa karibu yake. Alikuwa anatafuna peremende, huyu mtu ambaye hajawahi kununua peremende hata kwa watoto wake, na chini ya ile harufu ya mnanaa nikainusa sigara.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nikajiambia nitamsema nyumbani, si mbele za watu.

Mchana Mbithe alitupigia simu turudi maabara. Mbithe ndiye anayepima damu pale maabara, mama wa Kikamba mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Alitukaribisha chumba cha nyuma, akafunga mlango, nikajua si habari njema.

"Mwalimu, nimeongea na Daktari Donald," alisema. "Amesema na haya majibu hawezi kumpeleka kaka yako Mombasa."

Akaweka karatasi mezani na kutuonyesha kwa kalamu. Sukari ya asubuhi ilikuwa sita nukta sita, na kwa mtu ambaye hajala ilitakiwa iwe chini ya hapo. Mkojo ulikuwa na protini. Ile kreatinini, uchafu ambao figo hupaswa kuutoa kwenye damu, ilikuwa imevuka mpaka wa juu. Sukari inayonyemelea na figo zinazovuja, ukimtoa mtu kama huyo figo moja, daktari alisema, utakuwa umepata wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Festus aliitazama ile karatasi kama mtu aliyesomewa jina lake kwenye orodha isiyo yake. "Mimi ni mzima," alisema polepole. "Nabeba gunia la kabeji mlima mzima. Mimi ni mzima."

"Ndio maana nimewaita," Mbithe akasema. "Kuna vitu hapa havielewani. Nilipima pia ile sukari ya miezi mitatu, ile inaonyesha umekuwa ukiishi vipi, si asubuhi moja tu. Hiyo iko sawa kabisa. Na seli nyeupe zimepanda na wewe huna homa, huna kidonda. Sasa baba, hebu niambie. Leo asubuhi kabla uje hapa, ulifanya nini?"

"Sikukula," Festus akasema haraka. "Hata chai sikunywa."

"Sijauliza kama umekula. Nimeuliza ulifanya nini."

"Hakuna. Nilikuja tu."

"Ulivuta sigara?"

Alinitazama mimi, si Mbithe. Kisha akasema, "Mimi niliacha."

Sasa niseme ukweli wangu, maana bila huo hadithi hii haina maana. Nilijua anadanganya, na sikufungua mdomo. Mwanzoni ilikuwa hasira. Halafu hasira ikaisha na wazo lingine likakaa mahali pake, wazo tamu kabisa: Teresia, nyamaza. Ukinyamaza, Festus atarudi Wusi na figo zake mbili. Hatakatwa. Tryphena hatakutazama milele kwa jicho la kuuliza. Wewe utaendelea na mashine yako mpaka siku itakapofika, na hutakuwa umemla ndugu yako. Karatasi ya maabara imekuamulia, wewe huna kosa.

Lakini wazo la pili lilikuwa nyuma yake. Nataka kuishi. Nina miaka thelathini na tisa. Nataka kunywa glasi ya maji nzima nikiwa nimesimama uani, bila kuhesabu. Na pia, kama nikinyamaza, Festus ataenda nyumbani akiamini mwili wake umeoza, naye pengine ni mzima.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alikuwa anaficha uzima, tena kwa kunionea aibu mimi. Nilielewa hapo kwamba mbele yangu hatasema kamwe, hata Mbithe akimuuliza mpaka jioni. Nikasimama.

"Naenda nje nipate hewa," nikasema. "Festus, huyu mama si mchungaji wala si mimi. Mwambie."

Nilikaa kwenye benchi la nje, mbele ya duka la mbegu, nikitazama malori ya kwenda Mombasa yakipita barabarani. Dakika kumi hivi. Sikuomba Mungu kitu chochote, kwa sababu sikujua niombe kipi.

Mbithe alipoufungua mlango alikuwa anajizuia kucheka, na Festus alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa na kiberiti.

"Mwambie dada yako mwenyewe," Mbithe akasema.

"Nilikimbia," Festus akasema.

"Ulikimbia nini?"

"Kilima. Kile cha mawe hapo nyuma ya kwako. Nilipanda mbio mpaka juu, nikashuka, nikapanda tena. Mara tatu. Halafu nikakimbia mpaka hapa." Alisugua uso. "Tere, hakuna mtu anaonyesha mnunuzi gari likiwa baridi. Unalipasha moto kwanza, injini ikitulia vizuri ndio unamwita. Nilitaka damu ikikutwa, ikutwe na nguvu. Wasione damu ya mtu amelala."

Nilifungua mdomo kumgombeza nikashindwa, kicheko kilikuwa kinanizidi. "Na sigara?"

"Hapo kwa gate. Moja tu. Miguu ilikuwa inatetemeka." Akaongeza chini chini, "Mliniambia nisile. Sigara si chakula."

Mbithe akavuta kiti. Alieleza pole pole, na nilipenda namna alivyoeleza, maana mimi ni mwalimu na najua mwalimu mwenzangu nikimwona. Mtu akikimbia kwa nguvu hivyo akiwa na njaa, alisema, mwili hudhani kuna hatari, na ini hufungua ghala lake na kumwaga sukari kwenye damu ili misuli ipate kula. Mbio kali zaweza kuipandisha sukari kwa muda, na ukichomwa sindano papo hapo utaikuta huko juu. Nikotini nayo huamsha homoni hizo hizo za hofu. Sigara moja peke yake haifanyi makubwa, lakini hii ilipandia mgongoni mwa mbio. Seli nyeupe hupanda kwa mbio vile vile. Misuli iliyofanyishwa kazi humwaga kreatinini zaidi, na figo, damu ikizikimbia kwenda miguuni, huachilia protini kidogo kwenye mkojo. Ukipumzika siku moja au mbili, hukoma.

"Kwa hivyo ni mzima?" nikauliza.

"Sijasema hivyo, Mwalimu. Nimesema hii karatasi haiwezi kutuambia. Inatuambia habari za kilima." Akavua miwani. "Tutarudia. Siku mbili kabla, hakuna jembe, hakuna gunia, hakuna mbio. Asubuhi hiyo hakuna sigara, na mimi nasema hata baada ya hiyo asubuhi, baba, lakini hayo ni yako na daktari. Utakuja pole pole na utakaa hapa kwa kiti nusu saa kabla nikuguse. Tukirudia na yatoke hivi hivi, basi daktari amesema atafunga hiyo faili."

Tulipangiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilimpigia Daktari Donald mwenyewe kumweleza. Akauliza tu, "Mara tatu?" Nikasema ndiyo, mara tatu.

Nilicheka mpaka jioni. Lakini usiku ule neno moja la Festus lilirudi na likakataa kuondoka: miguu ilikuwa inatetemeka. Mtu anayebeba kabeji milimani tangu utotoni hatetemeki miguu kwa sababu ya kile kilima cha Mwakingali. Kaka yangu alikuwa anaogopa. Alipanda na kushuka yale mawe akijaribu kuichosha hofu, haikuchoka, ndipo akawasha sigara. Na mimi sikuwa nimemuuliza hata mara moja kama anaogopa. Nilikuwa nimemgombeza, nimemshukuru, nimempikia, lakini kumuuliza sikumuuliza.

Alirudi kwangu Jumatano, kama Mbithe alivyotaka, ili asishike jembe. Kumkalisha Festus bila kazi ni kama kumfunga mbuzi sebuleni. Alinyoosha mlango uliokuwa unakwaruza sakafu, nikamnyang'anya nyundo. Alitaka kunichotea maji, nikamnyang'anya ndoo. Mwishowe akakaa barazani kumenya njegere, moja moja, akilalamika kwamba hii nayo ni kazi nzito na nitamharibia kreatinini.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado halijazama, nilienda dukani nikanunua paketi ya sigara na kiberiti. Muuza duka ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Alinitazama, nami nikamtazama, akanirudishia chenji.

Nikaja nikaviweka kwenye stuli, kando ya Festus.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Nisikilize bila kunikatiza," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kavu kuliko nilivyotaka. "Kesho ni Ijumaa. Mimi nitaondoka saa kumi na mbili kwenda kwa mashine, na sitatoka huko mpaka karibu saa tano. Wewe kipimo chako ni saa mbili. Hapa katikati utakuwa peke yako, hakuna mtu atakuona. Kilima kiko pale. Sigara hizi hapa. Nusu saa ya kiti haifuti protini ya mkojo. Ukipanda mara tatu kama siku ile, karatasi itasema wewe hufai, daktari atafunga faili, na hakuna mtu yeyote, si Tryphena, si watu wa kanisa, si mimi, atasema Festus alikataa. Watasema mwili wake ulikataa."

Alikuwa ameshika njegere moja, hajaimenya.

"Mimi sitauliza," nikaendelea. "Si sasa wala milele. Na sitakupenda kidogo kuliko leo, sikia hiyo vizuri. Wewe ulinilea, Festus. Deni lolote lilikuwa ni langu. Ukiogopa, una haki. Mimi ningeogopa."

"Tere—"

"Nimesema usinikatize."

Nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi, ambayo hata sitakiwi kula.

Asubuhi nilitoka kukiwa na ubaridi kidogo. Alikuwa amekaa barazani, miguu peku, glasi ya maji mkononi. Paketi ilikuwa pale pale kwenye stuli na sikuiangalia kwa makusudi. Tuliagana kama watu wanaokwenda kazini. Nilipofika kona ya njia nilitaka sana kugeuka nione kama amesimama, nikajikataza.

Sijawahi kuwa na saa nne ndefu kama zile. Nesi alinichoma, mashine ikaanza kunung'unika, damu yangu ikaenda safari yake. Ilipofika saa mbili nikafikiria, sasa yuko kwenye kiti cha Mbithe, au sasa anashuka mawe akihema. Nilijaribu kutamani awe amepanda. Nilijaribu kwa moyo wangu wote, kwa ajili ya watoto wake wanne. Na kila nilipojaribu, kitu ndani yangu kilisema hapana, hapana, kaa chini kaka, kaa tu, tafadhali. Niliona aibu, nikafunika uso kwa leso, nesi akadhani nimepata baridi akaniletea blanketi.

Nilifika maabara nikishika ukuta. Baada ya mashine huwa sina nguvu hata za kukunja ngumi. Mbithe aliniona dirishani akaja mwenyewe mlangoni na karatasi, kwa sababu Festus alikuwa ameandika kwamba majibu nipewe mimi.

"Sukari nne nukta tisa," alisema. "Mkojo safi, hakuna protini hata chembe. Kreatinini imerudi chini, iko vizuri kabisa. Seli nyeupe, kawaida. Nilimkalisha nusu saa, lakini hata alipofika mapigo yake yalikuwa ya mtu aliyetoka kanisani." Akanitazama. "Mwalimu, mbona unalia? Haya ni mazuri. Kuna vipimo vingi mbele huko Mombasa, sikudanganyi, lakini haya ni mazuri."

Yeye aliona tarakimu. Mimi nilikuwa nasoma barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandikiwa, na kila mstari ulisema: nilikaa.

Festus alikuwa hoteli ya ng'ambo ya barabara, anakula. Chapati nne na maharagwe, chai ya maziwa kikombe kikubwa, anakula kwa ghadhabu ya mtu anayelipiza njaa ya tangu jana saa moja. Nikakaa mbele yake. Alitazama macho yangu kisha karatasi, akaendelea kutafuna.

"Imesemaje?"

"Imesema hukukimbia."

"Hiyo hata mimi ningekuambia bure."

"Na sigara?"

"Nimempa yule fundi wa viatu hapo stendi. Amefurahi sana, ameuliza kama nimeokoka."

Akaomba kikombe kitupu. Akanimiminia chai kutoka kwake, akasimamisha mkono ilipofika robo, bila kuniuliza, kwa sababu hesabu yangu ya vikombe vya Ijumaa aliijua kuliko mimi. Aliisukuma mbele yangu. Chai ikamwagika kidogo kwenye meza ya plastiki.

Nilisahau yote niliyoahidi barazani.

"Kaka," nikasema, "bado unaweza kukataa. Hata leo. Hata Mombasa, hata ukiwa mlangoni kwa upasuaji."

Festus alifuta ile chai kwa kipande cha chapati, akakila.

"Tere, naogopa sana," akasema. "Naogopa kisu, naogopa kulazwa usingizi, naogopa kila kitu. Lakini niko sawa mpaka mtu aniulize. Kwa hivyo usiniulize tena."

Nikanywa robo yangu ya chai, na sikumuuliza tena.